SOMO: Jinsi ya kuandika tangazo la ofa ya sikukuu bila kujichoma mwenyewe

Mwangaluka wadau. Tangu Novemba ianze watu wananifuata mezani kwangu Makoroboi, "Mama Kulwa niandikie tangazo la Krismasi." Mikono imechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mimi nauza nguo za watoto. Huu ni mwaka wangu wa tatu kutuma ofa ya sikukuu, na ile ya kwanza ilinila hela. Ndiyo somo lenyewe.

Hatua ya 1. Chagua bidhaa moja. Siyo meza nzima.

Hatua ya 2. Jua imekugharimu kiasi gani hadi kufika mezani. Gauni langu nilinunua Kariakoo 17,000, usafiri wa basi kwa kila gauni ukaja kama 1,000. Kwangu hilo ni gauni la 18,000. Bei yangu ya kawaida ni 25,000.

Hatua ya 3. Amua ofa yenyewe. Hapa tulia.

Mwaka ule wa kwanza niliandika hivi: "OFA KABAMBE YA SIKUKUU!!! Bei za kutupa! Nunua mbili ya tatu BURE! Vigezo na masharti kuzingatiwa." Hayo ya vigezo na masharti niliyaokota redioni kwa sababu yalisikika ya kibiashara. Ukiniuliza masharti yenyewe ni yapi, sikuwa nayo.

Ijumaa saa 3 asubuhi akaja dada mmoja mwenye kitenge cha njano, akachukua pea mbili za soksi, za 2,000 kila moja. Akaziweka pembeni, akavuta gauni la 35,000 lenye mkanda wa shanga, akasema, "Na hili la tatu." Nikacheka nikidhani ananitania. Akatoa simu akanisomea ujumbe wangu neno kwa neno, watu wanasikiliza. Nilikuwa sijasema mbili za nini, wala ya tatu ni ipi. Nilimbembeleza akaondoka na soksi tatu, lakini hajarudi hadi leo.

Huyo hakuwa hasara kubwa. Hasara ilikuwa wale waungwana walioielewa ofa kama nilivyoitaka mimi. Watu 9 walichukua gauni mbili za 25,000 na la tatu la bei hiyohiyo bure. Jumapili usiku nahesabu: gauni 27 zimeondoka, mkononi 450,000. Kuzirudisha 27 dukani ni 486,000. Nimeuza kama kichaa siku tatu, nimelipa 36,000 kwa kazi hiyo. Dalili yake ndiyo hiyo: meza imekuwa nyeupe, lakini hela ya mzigo mpya haitoshi.

Kwa nini? "Ya tatu bure" ni kupunguza theluthi moja ya bei. Mimi faida yangu kwenye 25,000 ni 7,000, haifiki theluthi. Nilitoa nisichokuwa nacho. Kwa hiyo kabla hujaandika neno "bure", chukua hela ya vile viwili, toa gharama ya vyote vitatu. Ikija hasi, futa.

Onyo la pili: achana na "punguzo 20%". Duka lenye bei iliyobandikwa linaweza kusema hivyo. Sokoni kwetu bei ni mazungumzo. Mteja hajui ulianzia wapi, anajua utaitaja kubwa kisha uishushe. Asilimia ishirini ya nini? Andika shilingi atakazotoa mfukoni. Na "hadi 50%" ndiyo mbaya zaidi, mtu anasoma 50, "hadi" haioni.

Mwaka uliofuata nikaweka moja 22,000, mbili 42,000. Faida yangu ikashuka kutoka 7,000 hadi 4,000 kwa anayechukua moja, na 3,000 kwa kila gauni kwa anayechukua mbili. Maana yake lazima niuze karibu mara mbili ya kawaida, au zaidi, ndipo ofa inilipe. Wiki ya sikukuu inawezekana. Machi usijaribu.

Hatua ya 4. Andika. Wangu ulikuwa huu:

> Mama Kulwa, Makoroboi: gauni za watoto miaka 2-8. Moja 22,000. Mbili 42,000. Bei haipungui. Mwisho tarehe 20 Desemba saa 12 jioni. Zipo 40, zikiisha basi.

Herufi 154 pamoja na nafasi, unaingia kwenye meseji moja ya kawaida. Tarehe iandike. Ukisema "mwisho Ijumaa", ujumbe utasambazwa na kila Ijumaa watu watakuja.

Hatua ya 5. Mpe jirani asome, kisha muulize: "Ukichukua mbili unanipa shilingi ngapi?" Akisita, andika upya. Usimweleze, mteja hatakuwa na wewe pembeni.

Hatua ya 6. Tuma.

Gauni 37 zikaondoka: watu 14 walichukua mbilimbili, 9 mojamoja. Zikaingia 786,000, faida 120,000.

---

Kijana wa Nyegezi: Mama Kulwa, mimi nauza viatu, nikiweka punguzo 30% itakuwa poa?

Mama Kulwa: Hatua ya 3.

Kijana wa Nyegezi: Nimeisoma ila ni ndefu.

Mama Kulwa: Hasara nayo ni ndefu.

Mdau wa Igoma: "Bei haipungui" ni kufukuza wateja. Msukuma bila kupunguziwa haondoki na kitu.

Mama Kulwa: Nilishapunguza, ndiyo maana ya ofa. Wakianza kuvuta kutoka 22,000 nitafika 19,000 kwa mtu wa tatu. Anayetaka kuvutana, gauni zingine zipo, tutavutana hadi jioni. Wewe ofa yako iliisha vipi mwaka jana?

Mdau wa Igoma: Tuyaache.

Binti wa Mwaloni: Shikamoo mama. Mimi nipo Kirumba Mwaloni, nauza dagaa. Bei yangu inabadilika, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawapatikani na debe linapanda. Nitatajaje bei leo kwa ajili ya wiki ijayo?

Mama Kulwa: Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Usitaje bei, taja kipimo. "Ukichukua madebe 5 kwa bei ya siku hiyo, unaongezewa kisado 1." Bei ipande ishuke, unachotoa hakibadiliki. Ila hesabu kwanza kisado ni sehemu gani ya debe lako, na faida ya madebe matano iwe inakizidi. Na useme kama kisado ni cha kufuta au cha kilima, maana ugomvi utaanzia hapo.

Binti wa Mwaloni: Cha kufuta! Asante mama, hilo la kilima nisingelifikiria.

Fundi simu Buzuruga: Nyongeza. Msiweke vikatuni vya maua na mishumaa kwenye meseji ya kawaida. Kimoja tu kinashusha nafasi kutoka herufi 160 hadi 70, meseji ya Mama Kulwa ingekatwa vipande, na unalipia kila kipande. Na orodha ya matangazo ya WhatsApp inamfikia tu aliyekusevu kwenye simu yake.

Mama Kulwa: Hiyo ya kusevu nilijifunza baada ya kutuma kwa watu 90 nikapata majibu ya sita. Sasa kila anayenunua namwomba anisevu nikiwa namfungia mzigo.

Mdau wa Nansio: Na sisi wa Ukerewe? Meli ikichelewa mtu anafika ofa imeisha.

Mama Kulwa: Alikuja mmoja kesho yake, tarehe 21 asubuhi, ujumbe mkononi na tiketi ya meli. Nilikuwa na tatu zimebaki. Nikampa kwa 22,000, nikamwomba asiseme kwa sauti.