Kusoma kitako cha dumu kwenye picha: pembetatu, namba na alama zinazoizunguka

Somo hili linahusu picha moja. Mfuga nyuki wa Mufindi ametutumia picha ya kitako cha dumu jeupe la lita 5, alilolinunua likiwa tupu katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, akitaka kujua limetengenezwa kwa plastiki ya aina gani kabla hajalijaza asali. Katikati ya kitako pana pembetatu ya mishale yenye namba ambayo karibu kila aliyeitazama ameisoma kuwa 5. Namba hiyo ni 2, na sehemu kubwa ya somo hili inaeleza namna ya kulitambua hilo bila kulishika dumu lenyewe.

Hatua ya kwanza: pata kivuli. Alama za kitako hazikuchapwa kwa wino. Zimechongwa ndani ya kalibu ya chuma, na plastiki iliyoyeyuka ilipojaa humo ikatoka na mwinuko mdogo wenye rangi ileile ya chombo. Kinachotuwezesha kuziona ni kivuli peke yake, kwa hiyo mwanga wa simu unaopiga moja kwa moja kutoka mbele huzifuta kabisa. Zima mwanga huo, kisha uwashe tochi ya simu nyingine na kuilaza pembeni, karibu usawa wa kitako, ili kila herufi itupe kivuli upande mmoja. Ikiwa bado hazionekani, weka karatasi nyembamba juu ya kitako na uisugue polepole kwa penseli iliyolazwa. Maandishi yatajitokeza kwenye karatasi, nayo ndiyo uipige picha. Kwa madumu meusi njia ya karatasi ni bora kuliko kamera yoyote niliyowahi kuiona.

Hatua ya pili: hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia. Mfuga nyuki wetu alilaza simu mezani ikitazama juu, akalishika dumu juu yake na kupiga kwa kamera ya mbele. Simu nyingi, kutegemea jinsi zilivyowekwa, huhifadhi picha ya kamera hiyo kama inavyoonekana kwenye kioo. Namba 2 iliyochongwa kwa mistari iliyonyooka, ikigeuzwa kwenye kioo, inakuwa 5, na 5 inakuwa 2. Kuizungusha picha juu chini hakusaidii kitu, kwa sababu 2 ya namna hiyo ikipinduliwa hubaki 2, na 5 hubaki 5. Kwa hiyo kosa hili halionekani kwenye namba yenyewe, bali ni lazima litafutwe kwenye vitu vinavyoizunguka.

Katika picha yetu vipo vitu vitatu vinavyoonyesha kosa hilo. Cha kwanza ni mishale ya pembetatu, ambayo kwa kawaida hufuatana kuelekea upande unaozungukia akrabu za saa, lakini hapa inarudi nyuma. Cha pili ni herufi zilizo chini ya pembetatu: ya mwisho inaonekana kama H ya kawaida, kwa kuwa H haibadiliki kwenye kioo, lakini matumbo ya D na P yanatazama kushoto, na meno ya E vilevile. Ukizisoma kuanzia kulia unapata HDPE. Cha tatu, ambacho wengi hukipita, ni duara dogo lenye namba 1 hadi 12 pembeni yake. Hiyo ni saa ya kalibu: namba za pembeni ni miezi, mshale wa katikati huelekezwa kwenye mwezi wa utengenezaji, na tarakimu mbili zilizo kandokando ya mshale ni mwaka. Hapa miezi inapanda kinyume cha saa, mshale unaelekea kushoto ilipo namba 3, na mwaka unasomeka 55. Hakuna dumu la mwaka 2055. Geuza picha kushoto kulia kwa programu ya kurekebisha picha iliyomo kwenye simu, nawe utasoma Machi 2022, mishale itazunguka inavyostahili, na namba ya katikati itakuwa 2.

Hatua ya tatu: soma namba pamoja na herufi zake. Mfumo huu ulianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki ili kuwasaidia wanaochambua taka. Namba 1 ni PET, inayoandikwa pia PETE, ya chupa za maji na soda. 2 ni HDPE au PE-HD, yaani polithini ngumu ya madumu. 3 ni PVC au V. 4 ni LDPE au PE-LD, polithini laini. 5 ni PP, yaani polipropilini ya ndoo nyingi na vyombo vya jikoni. 6 ni PS. Na 7, yenye neno OTHER au herufi O, ni kila kilichobaki. Tangu mwaka 2013 kiwango cha Marekani kinatumia pembetatu yenye mistari mitupu badala ya mishale, kwa sababu mishale iliwafanya watu wadhani kwamba chombo ni lazima kipokelewe kwenye urejelezaji. Kalibu za zamani bado zinafanya kazi, kwa hiyo utaziona zote mbili. Namba ikianza na sifuri, kama 02 au 05, maana ni ileile.

Pale herufi na namba zinapopingana, kwa mfano 5 iliyo juu ya HDPE, anza kushuku macho yako au picha, kisha urudi hatua ya pili. Ni nadra sana kalibu yenyewe kukosewa kiasi hicho.

Hatua ya nne: tenga namba zisizohusu plastiki. Kwenye dumu letu, karibu na ukingo, pana 14 ndani ya duara tupu. Hiyo ni namba ya kalibu, ambayo humwezesha fundi wa kiwanda kujua ni ipi kati ya kalibu zake inayotoa vyombo vyenye kasoro. Maandishi 5 L ni ujazo, na ndiyo yaliyowapa baadhi ya wasomaji uhakika wa uongo kwamba wameiona 5 ya plastiki. Namba iliyo nje ya pembetatu isihesabiwe kuwa namba ya plastiki. Wakati mwingine plastiki hutajwa kwa herufi tu, bila namba, zikiandikwa katikati ya alama mbili kama hivi: >PP< au >ABS<. Mtindo huo hauna pembetatu na hutumika zaidi kwenye vipande vya mashine, magari na vifaa vya umeme.

Hatua ya tano: linganisha na umbo. Kitako cha dumu hili kina mshono ulionyooka unaokatiza katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Mshono huo huachwa pale bomba la plastiki laini linapobanwa na nusu mbili za kalibu kabla ya kupulizwa hewa ndani, na HDPE ndiyo plastiki inayotumika zaidi kwa kazi hiyo. Ndoo ya PP, kwa upande mwingine, kwa kawaida husindiliwa kwenye kalibu kupitia tundu moja, na kitakoni hubaki kinundu kidogo badala ya mshono. Chupa ya PET nayo ina nukta katikati, lakini inang'aa na kuangaza kama kioo. Umbo halitoshi kuwa ushahidi peke yake, maana PP nayo inaweza kupulizwa, lakini hapa linakubaliana na herufi, saa na mishale.

Jibu la mfuga nyuki ni kwamba dumu lake ni HDPE, ambayo haina shida na asali. Namba hiyo, hata hivyo, hutaja aina ya plastiki tu, wala haisemi lolote kuhusu rangi na viungo vilivyochanganywa, wala kama malighafi ilikuwa mpya au ilirejelezwa, wala kilichowahi kuwekwa humo. Alama ya bilauri na uma ndiyo inayodai kwamba chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula, nayo haipo kwenye picha hii. Kwa maoni yangu, dumu lililonunuliwa bila alama hiyo na bila kujulikana historia yake ni heri liwekwe maji ya kufulia, na asali itafutiwe jingine.

Maswali ya wanachama

*Mama muuza maziwa, Iringa:* Mwalimu, shikamoo. Galoni langu lina 2 kitakoni lakini kifuniko kina 5 kwa ndani. Je, niamini ipi?

Marahaba, mama. Ziamini zote mbili, kwa kuwa kila kipande hubeba namba yake. Vifuniko vingi vya kusokota ni PP au polithini hata pale mwili wa chombo unapokuwa wa plastiki nyingine. Ukiviuza kwa wanaonunua plastiki chakavu, vitenganishe.

*Msindikaji wa mafuta ya parachichi, Njombe:* Chupa zangu zina 1 na herufi PET, alama zinasomeka vizuri, lakini nikimimina mafuta yakiwa bado moto chupa zinajikunja. Je, alama ni za uongo?

Hapana, ndugu, tabia hiyo inathibitisha alama. PET ya chupa za kawaida huanza kulainika katika nyuzi joto 70 hadi 80 hivi, na kwa kuwa chupa ilivutwa na kupulizwa ili iwe nyembamba, ikilainika hujaribu kurudi ilikotoka. Acha mafuta yapoe kwanza. Ikiwa ni lazima yamiminwe moto, tumia kioo.

*Kijana wa Tukuyu:* Kaka, dumu langu halina alama hata moja, nimesugua karatasi na hakuna kitu. Nifanyeje?

Kata kipande kidogo ukingoni, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukizamishe kwa kijiti na kuondoa mapovu yaliyokishika, kisha ukiachie. Polithini zote mbili na PP ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. PET, PVC na PS isiyo ya povu huzama. Kikielea, kikwaruze kwa ukucha: polithini huwa na utelezi wa nta na huchubuka kwa urahisi zaidi kuliko PP. Kwa dumu lililopulizwa, lenye mshono na linaloelea, dhana ya kwanza iwe HDPE.

*Mzee wa ulanzi, Iringa vijijini:* Nimepewa dumu lenye 2, na pembeni pana herufi UN ndani ya duara pamoja na 3H1. Je, linafaa kwa ulanzi?

Shikamoo, mzee. 3H1 maana yake ni dumu la plastiki lenye mdomo usiofunguka wote, na UN huonyesha kwamba lilipimwa kwa ajili ya kusafirishia bidhaa hatarishi. Kiwanda kinaweza kuliuza dumu kama hilo likiwa jipya kwa matumizi mengine, lakini lililokwishatumika huenda lilibeba dawa ya mimea au kemikali nyingine. HDPE hunywa kidogo baadhi ya kemikali hizo na kuzitoa tena baadaye, na maji ya moto na sabuni hayaziondoi zote. Usilitie ulanzi.