Kupanga alama ya mpaka kabla ya kuyaona matokeo (mfano: Baiolojia, Kidato cha Pili)

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Miaka michache nyuma, katika skuli niliyokuwa nikisomesha hapa Pemba, mzee mmoja alikuja na karatasi ya binti yake. Alama 24 kati ya 50, hakuchukuliwa mchepuo wa sayansi. Akauliza kwa upole kabisa: "Maalim, kwa nini 25?" Sikuwa na jibu. 25 ilikuwa nusu ya 50, basi. Hakuna aliyekaa kupima kama karatasi ile ilikuwa nyepesi au nzito. Tangu siku ile nafanya kama ninavyoeleza hapa.

Naweka wazi mapema: mitihani ya taifa ina mipaka yake iliyotangazwa. Kidato cha Nne A huanzia 75 na C huanzia 45, na hiyo si yetu kuigusa. Hapa nazungumzia mtihani wa skuli wenyewe, pale sisi ndio tunaoamua nani aingie wapi.

Hatua ya 1: Mchoreni mwanafunzi wa mpakani

Si mwanafunzi wa wastani, wala si yule mnayempenda. Ni yule ambaye akipungua kidogo tu hataiweza sayansi ya Kidato cha Tatu. Sisi tuliandika ubaoni hivi: anaweza kusoma jadweli na kusema inaonesha nini, anaweza kueleza tukio moja kwa hatua zake, hata kama Kiingereza chake kinachechemea, lakini bado hawezi kuunganisha mada mbili katika jibu moja. Hapa msiwe na haraka. Tulibishana karibu saa nzima, na saa ile ndiyo iliyotuokoa baadaye.

Hatua ya 2: Kadirieni swali kwa swali

Njia hii hujulikana kwa jina la William Angoff, aliyeieleza mwaka 1971. Tulikuwa walimu watano, mmoja tulimuazima skuli ya jirani. Kwa kila swali la kuchagua, kila mmoja alijiuliza, bila ya kumtazama mwenziwe: wakikaa wanafunzi kumi wa mpakani, wangapi watalipata? Watakaolipata, si wanaopaswa kulipata. Maneno haya mawili yanawaponza walimu wengi. Na kwa swali lenye majibu manne, asiandike mtu chini ya 2, maana hata anayefumba macho hupata robo.

Swali la 9 liliuliza kipande cha muhogo kikilowekwa maji ya chumvi kitakuwaje. Wanne wetu tuliandika 8, 8, 7 na 7. Mwalimu wa tano akaandika 3. Tulipomuuliza, alisema: "Jibu sahihi lina neno la Kiingereza la 'kulegea'. Wanangu hawajapata kulisikia. Waulizeni kwa Kiswahili, watajibu wote, muhogo wanaujua." Alikuwa na haki. Tukaandika upya: 5, 5, 6, 5 na 4. Wastani 5 kati ya 10, yaani nusu alama.

Mazungumzo yaishie kwenye sababu. Msimlazimishe mtu afuate wengi. Kila mmoja aandike upya anavyoona mwenyewe.

Kwa maswali ya kuandika, swali ni jepesi zaidi: kati ya alama 6, huyu wa mpakani atapata ngapi kwa mwongozo wetu wa usahihishaji?

Hatua ya 3: Jumlisheni

Sehemu A, maswali 20 ya alama moja moja, ilitupa 11.2. Sehemu B, maswali matano ya alama sita, ilitupa 11.8. Jumla 23 kati ya 50. Jumla ya kila mwalimu peke yake ilikuwa 21, 22, 23, 24 na 25. Tofauti ile inavumilika. Kama mmoja angetoka na 15 na mwengine 31, ingekuwa dalili kwamba hatukumchora mwanafunzi mmoja, turudi Hatua ya 1.

Andikeni tarehe, tieni saini, na karatasi ifungiwe kabatini kabla ya kusahihisha.

Hatua ya 4: Sahihisheni, kisha chunguzeni maswali

Swali la 14 tulilikadiria 6 kati ya 10. Kati ya wanafunzi 84 walilipata 20 tu, na kwa kubahatisha tu wangelipata kama 21. Waliofanya vizuri kwengineko nao walilikosa sawasawa na wengine. Kumbe fotokopi ilikuwa imefuta herufi kwenye mchoro wa moyo. Tukalifuta swali.

Wengi husahau hapa: ukifuta swali, mpaka nao unashuka. Toa makadirio yake, 23 − 0.6 = 22.4, na jumla ya mtihani inakuwa 49. Ukiuacha mpaka 23, unamuadhibu mtoto kwa kosa la fotokopi.

Sasa 22.4 iende wapi? Tulikuwa tumeshaamua tokea mwanzo kushusha, kwa sababu kumfungia mlango mtoto anayeweza ni kosa zito kuliko kumpokea anayehitaji msaada. Ikawa 22.

Kuubadilisha mpaka baada ya kuyaona matokeo kunaruhusiwa kwa sababu inayotoka ndani ya karatasi, kama ile fotokopi. "Wamefaulu wachache" si sababu.

Masuala ya wanachama

*Mwalimu wa Mkoani:* Sisi walimu wa sayansi tuko wawili tu. Tufanyeje?

Azimeni wenzenu wa skuli za karibu, hata kwa asubuhi moja. Mkishindwa, kabla ya kusahihisha kila mwalimu aandike majina ya wanafunzi anaojua wako mpakani kweli. Matokeo yakitoka, zipangeni alama zao na mchukue ya katikati. Ila majina matano hayatoshi, mtoto mmoja akiamka na homa atauvuta mpaka. Tafuteni ishirini hivi.

*Maalim wa Wete:* Na daraja A, B na C, tukadirie yote matatu?

Hapana, mtachoka na makadirio yataharibika. Kadirieni C na A, kisha B iwe katikati. Kwetu C ilikuwa 22, na A, baada ya kulitoa swali la 14, ikawa 38. Kwa hivyo B ikaanzia 30.

*Bi Mkubwa wa Micheweni:* Mwalimu mkuu wetu ana viti 40 tu vya sayansi. Waliovuka ni 52.

Hapo, bibi, kuna mambo mawili, na yasichanganywe. Mpaka unasema nani anaweza. Viti vinasema nani amepata nafasi. Wale 12 waandikiwe kwamba wamefikia kiwango na nafasi zimejaa. Msiupandishe mpaka kimyakimya ili idadi itimie, maana mtamwambia mtoto hawezi na mnajua anaweza.

*Mzazi, Chake Chake:* Mwanangu amepata 21. Alama moja inaonesha nini?

Peke yake, mzee wangu, haioneshi mengi. Mtoto yule yule akirudia mtihani kama huu wiki ijayo anaweza kupanda au kushuka alama mbili tatu. Kwa hivyo karatasi zote za 20 hadi 23 husahihishwa tena na mwalimu wa pili asiyeziona alama za mwanzo. Mara ile zilikuwa karatasi 11. Mbili zilibadilika: moja ilitoka 23 ikawa 22, na nyengine ilitoka 21 ikawa 23, kwa sababu jibu lake la swali la mwisho liliendelea nyuma ya karatasi na msahihishaji wa kwanza hakuigeuza. Muombe mwalimu akuoneshe karatasi ya mwanao na saini mbili za wasahihishaji. Ikiwa na moja tu, una haki ya kuomba ya pili.