Somo: nyumba inatazamwa sana ila haipati mpangaji, hesabu kabla hujashusha kodi

Wadau habari za jioni, niliahidi somo la nyumba kukaa tupu ndo hili, mnisamehe limechelewa. Nitatumia nyumba yangu mwenyewe ya Olasiti hapa Arusha, vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, ndani ya fensi kuna wapangaji wawili. Kodi laki tatu na nusu. Ilikaa miezi mitatu bila mtu, yani milioni moja na elfu hamsini imeyeyuka hivi hivi, na kila niliyemuuliza alinijibu neno moja tu, shusha kodi.

Sikushusha. Nilichukua daftari la mwanangu la shule nikaanza kuhesabu.

Hatua ya kwanza, chora safu nne. Waliopiga simu au kutuma meseji, waliokuja kuona, waliouliza malipo yanakuwaje, walioacha hela ya kushikilia. Basi. Kwetu huku hakuna mambo ya kujaza fomu za maombi, mtu akianza kuuliza "unapokea miezi mingapi, dalali analipwa na nani, luku ni ya kwangu peke yangu?" huyo ndo ameomba nyumba. Anayesema "nzuri, nitakupigia" hajaomba kitu, msimwandike kwenye safu ya tatu hata kama alitabasamu.

Jaza wiki tatu. Zangu zilitoka hivi: 31 walipiga, 14 wakaja, 2 wakauliza malipo, aliyeacha hela hakuna.

Hatua ya pili, tafuta watu wanapodondokea. Wasipopiga kabisa, tatizo liko kwenye tangazo, picha au bei, nyumba yenyewe hata hawajaiona. Wakipiga wengi wasije, kuna kitu wanakisikia kwenye simu kinawakatisha tamaa, mara nyingi ni umbali toka lami au hela ya kuonyeshwa. Wakija wengi wakaondoka kimya, nyumba hailingani na picha. Wakiuliza malipo wakapotea, masharti yako ndo mwiba. Mimi nilidondosha watu kati ya kuja na kuuliza malipo, 14 kwenda 2, kwa hiyo haraka haraka ningesema nyumba mbaya. Ningekosea, au tuseme ningepatia nusu.

Hatua ya tatu, na hii ndo wengi wanairuka: uliza nani kawaleta. Kati ya wale 14, tisa waliletwa na dalali mmoja. Nilipoanza kuwauliza pale getini, kiustaarabu tu, "ulikuwa unatafuta ya bei gani?", sita wakanambia laki mbili na nusu kushuka chini. Sasa mtu wa laki mbili na nusu unamleta kwenye laki tatu na nusu ili iweje? Jibu ni kwamba yule dalali anachukua hela ya kuonyesha kwa kila nyumba anayompeleka mteja, yangu ilikuwa jirani na funguo anazo, kwa hiyo anaitumia kujazia safari. Simlaumu sana, naye anatafuta ugali, ila idadi yangu ya watazamaji ilikuwa hewa. Toa hao sita, wanabaki watazamaji wa kweli 8. Hapo 2 kati ya 8 kuuliza malipo sio msiba tena.

Hatua ya nne, simama uwaangalie, usiongee sana. Mi nilikuwa nasifia vigae mtu hasikii hata. Nikaamua kunyamaza nifuate macho yao, nikaona wanne wamefanya kitu kilekile: wameingia jikoni, wamefungua koki, kimya. Baada ya hapo vyumba vinaangaliwa kwa kuchungulia tu mlangoni. Watu wanakuja jioni wakitoka kazini, na maji ya mgao kwetu yalikuwa yanatoka alfajiri. Simtanki lilikuwepo la lita 1,000 ila limekaa chini kwenye tofali, bila pampu maji hayawezi kupanda kwenda bafuni, tena linagawana na jirani. Mimi nilikuwa nawaambia kwenye simu "maji yapo", na kweli yapo, alfajiri!

Hatua ya tano ni kurekebisha, anza pale wanapodondoka wengi. Nikachomelea mnara wa chuma juu ya usawa wa paa, nikaweka tanki la lita 2,000 la upande ule peke yake. Ikala laki tisa na kidogo, inauma, ila haifiki kodi ya miezi mitatu niliyokwishapoteza.

Alafu wale wawili waliouliza malipo nikawapigia. Wote walisema kodi sawa, ila miezi sita kwa mpigo hawawezi. Piga hesabu: miezi sita ni 2,100,000, weka mwezi mmoja wa dalali, 2,450,000 kabla hajanunua hata pazia. Nikaweka miezi mitatu, ikawa 1,400,000 jumla.

Wiki mbili zilizofuata wakapiga 17, wakaja 6 tu, watatu wakauliza malipo, mmoja akalipa. Watazamaji wamepungua, mpangaji kapatikana. Kodi ileile laki tatu na nusu.

Tahadhari moja, watu watatu wanne ni wachache, usibomoe ukuta kwa sababu mmoja kasema sebule ndogo. Mi nasubiri wafike kama wanane wa kweli ndo naamua.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada wa Moshono: Kaka, mi changu ni chumba na sebule, hata simu hazipigwi, mwezi wa pili huu. Nihesabu nini sasa?

Jibu: Dada yangu hapo safu ya kwanza ndo inaumwa, usiguse nyumba kwanza. Jifanye mpangaji, wapigie madalali watatu wa hapo hapo uulize chumba na sebule chenye choo ndani ni bei gani, nenda uvione kwa macho. Kama vya bei yako vina luku ya peke yake na chako cha kushea, umepata jibu. Na angalia kalenda, Aprili na Mei watalii wachache, vijana wengi wa safari hawahami, mvua nayo njia haipitiki, simu zinapungua kwa wote.

Mzee wa Moshi, Rau: Kijana, mie wanaacha elfu hamsini ya kushikilia halafu hawarudi. Nimepata wawili.

Jibu: Shikamoo mzee. Je, walikuja peke yao? Mara nyingi mwenzake anakuja kuona mara ya pili ndo anakataa. Usipokee hela mpaka wote wameona, na andikiana karatasi yenye tarehe ya mwisho, siku tatu zinatosha, ili usifukuze wengine kumsubiri mtu aliyekwishapata kwingine.

Mwanakikundi wa Sakina: Kwa hiyo kushusha kodi ni kosa siku zote?

Jibu: Hapana. Gawa kodi kwa 12. Yangu 350,000 inakuja kama 29,000. Nikishusha elfu 29 nikapata mtu leo, kwa mwaka nimepoteza sawa na kukaa mwezi mmoja tupu. Kwa hiyo kama wanaopiga wote wanakata simu ukitaja bei, shusha hata kesho. Mi wangu hawakuwa wanakata kwenye bei.

Huyo huyo wa Sakina: Na maji ya kisima je? Nina kisima, sina shida ya mgao.

Jibu: Watakuuliza floraidi, Arusha hii wenye watoto wadogo wanaogopa meno. Kama una bomba la mamlaka hata moja la kunywa, litaje kwenye tangazo. Kama huna, sema ukweli kwenye simu, bora asije kuliko aje ageuzie jikoni.