Uhalifu wa kupangwa au ugaidi: mambo ya kuzingatia kabla hati ya mashtaka haijaandikwa

Tuchukue tukio la kubuni, ila la aina isiyo ngeni mpakani mwa Kenya na Somalia. Watu wanne wanamteka mfanyabiashara, wanamficha kwa siku kumi na moja, wanapokea pesa za kikomboleo kutoka kwa jamaa zake kwa njia ya simu, na baadaye inabainika kwamba mmoja wao alituma sehemu ya pesa hizo ng'ambo ya mpaka kwa mtu wa kundi lenye silaha. Siku ya kukamatwa kwao watu wote watawaita magaidi. Mwendesha mashtaka hawezi kulichukua neno hilo kutoka midomoni mwa watu, kwa sababu kila kipengele kilichomo katika tafsiri ya kisheria ya kosa ni jambo atakalotakiwa kulithibitisha mahakamani, na kipengele kimoja kikikosa ushahidi shtaka lote huanguka, hata kama hakuna anayebisha kwamba mtu alitekwa.

Jambo la kwanza la kuangalia ni walichokuwa wakikitafuta. Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unalieleza kundi la uhalifu wa kupangwa kuwa ni kundi lenye muundo, la watu watatu au zaidi, lililokuwapo kwa kipindi fulani na linalotenda kwa pamoja ili kufanya makosa makubwa kwa lengo la kupata faida ya kifedha au ya mali. Kosa kubwa, kwa mujibu wa mkataba huo, ni lile ambalo adhabu yake ya juu haipungui kifungo cha miaka minne. Katika mfano wetu idadi ipo na faida ipo. Kipengele kinachosumbua ni muundo pamoja na muda. Mkataba hautaki kundi liwe na vyeo wala orodha ya wanachama, lakini unataka lisiwe limekutana kwa bahati ili kutenda kosa la papo hapo. Kwa hiyo mpelelezi anapaswa kutafuta kilichotangulia utekaji: nani alikodi nyumba ya kumfichia mateka na lini, laini za simu zilinunuliwa na nani, wanne hao waliwasiliana mara ngapi katika wiki zilizopita, na pesa ziligawanywa kwa utaratibu gani. Faili linaloanza saa ya utekaji na kuishia saa ya ukombozi linathibitisha utekaji, lakini linaliacha kundi lenyewe bila ushahidi.

Ugaidi una sura nyingine. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012 inasimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni tendo lenyewe, kama vile kumfanyia mtu ukatili, kuhatarisha maisha au kuharibu mali kwa kiwango kikubwa. Mguu wa pili ni lengo: kuutia hofu umma au sehemu yake, kuilazimisha serikali au shirika la kimataifa litende au liache kutenda jambo, au kuziyumbisha taasisi za kidini, kisiasa, kikatiba, kiuchumi au kijamii za nchi. Utekaji wetu unatosheleza mguu wa kwanza bila shida. Kwenye mguu wa pili, tusome jumbe walizozituma. Ikiwa zote zinaidai familia pesa, hofu ya familia hiyo, japo ni ya kweli na ya kuumiza, si hofu ya umma, wala serikali haikulazimishwa chochote. Laiti kungekuwa na ujumbe unaotaka wanajeshi waondolewe mahali fulani, hali ingebadilika kabisa, ingawa watu ni walewale na mateka ni yuleyule.

Ndipo tunapofika kwenye zile pesa zilizovuka mpaka. Kufadhili ugaidi ni kosa la peke yake, na uzito wake uko katika kujua: je, aliyetuma alijua, au alikuwa na sababu za msingi za kujua, pesa hizo zitatumika kwa kazi gani? Huenda ushahidi huo upo kwa mmoja tu kati ya wanne. Hapo tafsiri za kisheria zinawagawa washtakiwa: wote wanne wanajibu utekaji na uhalifu wa kupangwa, na mmoja anajibu pia ufadhili. Kuwashtaki wote kwa ugaidi ili kesi ionekane nzito ni kosa ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote, kwa kuwa watatu ambao hatia yao ilikuwa wazi wanaweza kuachiwa kwa shtaka lisilo lao.

Sheria hiyo ya Kenya imeweka pia kinga inayosahaulika kwa urahisi. Tendo linalovuruga huduma katika maandamano, au katika mgomo wa kazi, halihesabiwi kuwa ugaidi maadamu halikukusudiwa kuleta madhara ya aina inayotajwa katika mguu wa kwanza. Baada ya maandamano ya Juni 2025, vijana kadhaa walifikishwa katika mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi, na wanasheria wengi walipinga vikali. Anayeandika hati ya mashtaka katika hali kama hiyo lazima atenganishe aliyechoma jengo na aliyekuwa barabarani tu akiimba, mtu mmoja mmoja, kwa ushahidi wake mwenyewe.

Jambo jingine ni tarehe. Mnamo Oktoba 2010 serikali ya Kenya ilitangaza katika gazeti rasmi makundi 33 kuwa ya uhalifu wa kupangwa, na katika orodha hiyo moja walikaa pamoja Mungiki, al-Shabaab na vuguvugu la Mombasa Republican Council lililodai Pwani ijitenge. Makundi hayo hayakufanana, kwani moja lilijulikana kwa kutoza watu pesa kwa nguvu, jingine ni jeshi la msituni, na la tatu lilikuwa na dai la kisiasa. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba kulipiga marufuku vuguvugu hilo kulikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Kwa hiyo uanachama usishtakiwe kabla ya kuthibitisha kwamba siku ya tendo kundi lilikuwa limetajwa kihalali. Katiba ya Kenya hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa jambo ambalo halikuwa kosa wakati alipolifanya. Kukosekana kwa sheria ya ugaidi hakumzuii mwendesha mashtaka kufanya kazi yake: aliyerusha guruneti jijini Nairobi Oktoba 2011 alikiri kosa la kudhuru watu vibaya, miongoni mwa mengine, akafungwa maisha, karibu mwaka mzima kabla sheria ya 2012 haijapitishwa.

Mwisho, ikiwa mmoja wa wale wanne amekimbilia Tanga, tusidhani kwamba maneno yana maana ileile huko. Sheria ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa ya Tanzania, ya mwaka 1984, ilitungwa miaka mingi kabla ya Palermo, na tafsiri yake ya uhalifu wa kupangwa inatazama zaidi kutenda kwa ushirikiano na kuwapo kwa genge, bila kuhesabu watu watatu. Kuhusu ugaidi tofauti ni kubwa zaidi. Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama, la mwaka 2001, liliziagiza nchi ziufanye ugaidi na ufadhili wake kuwa makosa bila kueleza ugaidi ni nini, na Mkataba wa Aljia wa mwaka 1999 wa nchi za Afrika unautenganisha ugaidi na mapambano ya ukombozi yanayoendeshwa kwa misingi ya sheria ya kimataifa. Nchi inayoombwa kumrudisha mtuhumiwa huuliza kama alichokifanya ni kosa kwake pia. Ndiyo maana ombi la kumrudisha yule wa Tanga halina budi kueleza matendo yenyewe, yaani kumkamata mtu kwa nguvu, kumfungia siku kumi na moja, kudai pesa na kuzipokea, huku jina la kosa likifuata baada ya maelezo hayo, na shtaka la utekaji likisimama peke yake kwenye hati endapo yale mengine yatakataliwa.