Kupiga ujazo wa mtambo wa bayogesi wa kuba ukiwa na nusu kipenyo tu

Mitambo mingi ya bayogesi iliyojengwa kwa wafugaji wa Tanzania inatokana na mchoro wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha. Mchoro huo ulitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na umbo la tangi lake ni nusu tufe: mviringo kamili chini, kuba juu, sakafu tambarare. Umbo hilo lina faida kubwa kwa fundi, kwa sababu kipimo kimoja tu, nusu kipenyo, kinakupa kila ujazo unaohitaji kwenye mtambo mzima. Hapa nitaufuata mtambo mmoja wa nusu kipenyo cha mita 1.50, kuanzia kwenye kigingi cha katikati hadi kwenye chemba ya nje.

Hatua ya 1: Pima nusu kipenyo cha ndani, baada ya plasta

Kuba la namna hii hujengwa kwa kuzungusha fito. Unapigilia kigingi katikati ya sakafu, unafunga fito yenye urefu wa nusu kipenyo, na kila tofali linawekwa pale ncha ya fito inapogusa. Swali ni fito hiyo iwe na urefu gani. Gesi na tope havikai kwenye matofali, vinakaa ndani ya plasta. Ukitaka nusu kipenyo cha ndani cha mita 1.50, na plasta yako itakuwa na unene wa sentimita 2.5, fito ya kujengea matofali iwe mita 1.525.

Anayejenga matofali kwa fito ya mita 1.50 kisha akapiga plasta hubaki na nusu kipenyo cha mita 1.475. Sentimita mbili na nusu zinaonekana si kitu, lakini subiri hesabu ya hatua inayofuata.

Ukipima kuba lililokwisha kujengwa, pima upande zaidi ya mmoja kutoka katikati, halafu pima urefu wa kwenda juu kutoka sakafuni hadi kileleni. Vipimo vyote vikilingana, una nusu tufe. Ikiwa kilele kiko chini kuliko nusu kipenyo, kuba limebonyea na kanuni itakayofuata itakudanganya kwenda juu.

Hatua ya 2: Ujazo wote

Kanuni ni hii:

V = 2/3 × π × r³

Kwa r = 1.50, anza na kipeo cha tatu: 1.5 × 1.5 × 1.5 = 3.375. Zidisha kwa 3.1416 upate 10.603, kisha chukua theluthi mbili: 7.07. Mtambo una mita za ujazo 7.07, yaani lita 7,070.

Kuna njia nyepesi ya kujikagua. Ile 10.603 ni ujazo wa silinda yenye nusu kipenyo cha mita 1.50 na urefu wa mita 1.50. Kuba linaingia ndani ya silinda hiyo na kujaza theluthi mbili zake kamili, jambo ambalo Archimedes alilithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Jibu lako likizidi silinda, au likiwa chini ya nusu yake, umekosea. Kosa linalojitokeza zaidi ni kuingiza kipenyo badala ya nusu kipenyo. Hilo linakuza jibu mara 8, na mita 7 zinakuwa mita 56.

Sasa turudi kwenye plasta. Kwa 1.475, kipeo cha tatu ni 3.209 na ujazo ni mita za ujazo 6.72. Umepoteza lita 350 kwa sentimita 2.5. Sababu ni kile kipeo cha tatu: kosa la asilimia 1 kwenye nusu kipenyo linakuwa karibu asilimia 3 kwenye ujazo. Ndiyo maana nasisitiza fito kuliko kikokotoo.

Hatua ya 3: Ujazo hadi usawa wowote

Wengi huishia kwenye hatua ya 2, na hapo ndipo mitambo inapoharibikiwa. Mtambo wa kuba haujai tope hadi kileleni, kwa hiyo lazima ujue ujazo hadi kimo fulani kutoka sakafuni. Tukiita kimo hicho h:

V(h) = π × h × (r² − h²/3)

Kanuni hii inatoka kwenye wazo lilelile la silinda. Chukua silinda ya nusu kipenyo r na urefu h, halafu toa koni yenye nusu kipenyo h na urefu h. Kinachobaki ni ujazo wa kuba hadi kimo hicho. Ukiweka h sawa na r, unarudi kwenye kanuni ya mwanzo.

Jaribu katikati ya urefu, h = 0.75. Utapata mita za ujazo 4.86, yaani 11/16 ya ujazo wote. Nusu ya chini ya kuba inabeba zaidi ya theluthi mbili, na nusu ya juu haifikii hata theluthi moja. Kwenye bakuli lililokaa mdomo juu mambo yanageuka: likijaa hadi nusu ya kina chake lina 5/16 tu. Usikadirie kwa macho kwamba nusu ya kimo ni nusu ya ujazo.

Hatua ya 4: Mistari miwili ya tope

Kwenye mtambo wa kuba lisilosogea, tope lina usawa mbili. Gesi ikiisha kabisa, tope hupanda hadi mstari wa juu. Gesi ikijikusanya, inalisukuma tope kushuka na kutoka kwenda kwenye chemba ya nje, hadi mstari wa chini. Gesi unayoweza kuitumia ni ile inayokaa kati ya mistari hiyo miwili. Iliyo juu ya mstari wa juu inabaki pale daima, maana haina cha kuisukuma.

Kwa mtambo wetu tuweke mstari wa juu kwenye mita 1.25 na wa chini kwenye mita 0.90.

Mstari wa juu: h² ni 1.5625, theluthi yake 0.5208. Kwa kuwa r² ni 2.25, tunapata 2.25 − 0.5208 = 1.7292. Zidisha kwa 1.25 na kwa π: mita za ujazo 6.79.

Mstari wa chini: h² ni 0.81, theluthi yake 0.27. 2.25 − 0.27 = 1.98. Zidisha kwa 0.90 na kwa π: mita za ujazo 5.60.

Tofauti ni 1.19. Huo ndio uwezo wa kuhifadhi gesi. Kwenye kilele zinabaki lita 280 zisizotumika (7.07 − 6.79).

Ile 6.79 ndiyo unayoitumia pia kupanga malisho. Ukitaka samadi ikae ndani siku 50, gawanya lita 6,790 kwa 50: unaingiza lita 136 kwa siku, nusu samadi na nusu maji. Anayegawanya 7,070 anaihesabia samadi sehemu ambayo haitaifikia kamwe.

Hatua ya 5: Chemba ya nje

Tope linalosukumwa lazima lipate pa kukaa, na kiasi chake ni kilekile cha gesi: mita za ujazo 1.19. Chemba ikiwa nayo ni nusu tufe, geuza kanuni ya kwanza ili upate nusu kipenyo:

r = ∛(0.4775 × V)

0.4775 × 1.19 ni 0.568, na kipeuo chake cha tatu ni 0.83. Kwa hiyo chemba ya mita 0.83?

Hapana. Chemba ina tundu la kumwagia tope nje, nalo haliko kileleni. Sakafu ya chemba iko usawa mmoja na mstari wa juu wa tangi, na tundu tuseme liko mita 0.60 juu ya sakafu hiyo. Tope halipandi kupita hapo. Rudi kwenye kanuni ya hatua ya 3, r = 0.83 na h = 0.60: utapata 1.07. Zimepungua lita 120.

Ukipandisha nusu kipenyo hadi 0.87 unapata 1.20, inayotosha kwa shida. Mimi ningejenga 0.90, inayotoa 1.30, kwa sababu tope zito hujikusanya kwenye sakafu ya chemba na kula nafasi.

Chemba iliyo ndogo unaijua kwa dalili. Usiku gesi inajaa, tope linafika kwenye tundu kabla ya wakati na kumwagika kwa wingi kuliko kilichoingizwa siku hiyo. Asubuhi jiko linawaka vizuri kisha moto unafifia mapema huku gesi ingali ndani, kwa sababu tope lililotakiwa kurudi kuisukuma limeshamwagika.

Angalia na mgandamizo hapohapo. Gesi ikijaa, tope la chemba liko mita 0.60 juu ya mstari wa juu wa tangi, na tope la tangi liko mita 0.35 chini yake. Jumla ni mita 0.95 za maji. Ukiona jumla yako inaanza kupita mita moja na robo hivi, usinyanyue tundu ili kuongeza nafasi; panua chemba. Mgandamizo mkubwa hutafuta nyufa kwenye plasta ya kuba.

Hatua ya 6: Hakiki kwa maji

Mtambo hujazwa maji kupima uvujaji kabla ya kufukiwa, kwa hiyo tumia maji hayohayo kuhakiki hesabu. Chora alama ya mita 0.90 ukutani kwa ndani. Chukua pipa, lipime kwa ndoo hadi lita 200 na uweke mstari hapo, kisha hesabu mapipa. Kwa nusu kipenyo cha mita 1.50 alama inafikiwa kwa mapipa 28. Kwa 1.475 inafikiwa kwa mapipa 27.

Maji yanayoingia kwenye bomba la kuingizia na kwenye njia ya kutokea hayamo kwenye hesabu hii. Pima sehemu hizo peke yake, bomba kama silinda na njia kama sanduku, hadi usawa uleule wa mita 0.90, na uzitoe kwenye idadi ya mapipa kabla ya kulinganisha. Alama ikifikiwa kwa mapipa 26 au pungufu, plasta ni nene kuliko ulivyopanga au fito ilikatwa fupi. Ikiwa tangi halivuji, si lazima kulibomoa. Rudia hatua ya 4 kwa nusu kipenyo halisi, kisha umpunguzie mfugaji kiasi cha samadi cha kila siku kabla hajaanza kulisha.