Kuoka brokoli, koliflawa na boga kwenye eafraya: moto, dakika na lini utikise

Wifi yangu kanunua eafraya, akaitumia kwa chipsi na mapaja ya kuku tu, halafu siku alipoweka mboga zikatoka zimetepeta kama zimechemshwa, brokoli juu imeungua na boga katikati bichi. Nilikaa naye jikoni jioni moja tukafanya yote matatu kwa pamoja, na kwa kuwa kuna wengine wameniuliza hayo hayo, nayaandika hapa. Fraya yetu ni ya lita 5 na kitu, ya droo, wati 1500. Kama yako ni ndogo zaidi punguza vipimo, usipunguze moto.

Hatua ya 1: Vipimo

Boga robo kilo likiwa limeshamenywa, koliflawa gramu 200, brokoli gramu 150. Hapo mnakula watu watatu pembeni ya wali na samaki. Mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula kwa mboga zote, chumvi, na viungo ntakavyotaja huko chini. Ukitaka za watu sita oka mara mbili, usirundike, ntaeleza kwa nini.

Hatua ya 2: Osha, na UKAUSHE

Hapa ndo watu wengi wanapoharibu na mi nataka tukae hapa kidogo.

Fraya ni feni na koili ya moto, basi. Inakausha uso wa chakula na ule uso ukishakauka ndo unaanza kupata rangi ya kahawia na ile ladha ya kuokwa. Sasa mboga ikiingia na maji, moto wote wa mwanzo unaishia kuyageuza yale maji kuwa mvuke, na mle ndani ni padogo, mvuke unazunguka, kwa hiyo dakika 6 au 7 za kwanza unakuwa hujaoka kitu, unapika kwa mvuke. Ukija kupata rangi mboga imeshalainika kupita kiasi. Unaweza kujua kama ndo kinachokutokea: fungua droo dakika ya 5, kama kuna mvuke mwingi unakupiga usoni na chini ya kikapu kuna vidimbwi vya maji, mboga zako ziliingia zimelowa.

Brokoli ndo mbaya zaidi kwa sababu kile kichwa chake ni vitumba vidogo vidogo vimebanana na vinashika maji ndani, ukiipangusa kwa nje unaona kavu kumbe bado. Kwa hiyo ioshe ikiwa nzima kabla hujaikata, ishike kwenye shina, ikung'ute kwa nguvu kwenye sinki kichwa kikiangalia chini, halafu ilaze kichwa chini juu ya taulo safi ukaendelee na kumenya boga. Nusu saa inatosha, na ukiiosha asubuhi ukaiacha mpaka mchana ndo bora zaidi. Ukishaikata iviringishe tena kwenye taulo kavu. Kuna watu wanatumia tishu, mi sipendi, tishu inachanika na vipande vyake vinanasa kwenye vitumba, taulo la pamba linafanya kazi vizuri na linafuliwa.

Koliflawa ya sokoni mara nyingi ina viwavi, sasa hiyo ni lazima uiloweke kwenye maji ya chumvi kama dakika 10 watoke, siwezi kukwambia uruke hapo. Lakini ukiitoa ndo uikaushe mara mbili ya brokoli maana imekunywa maji. Mi huwa naipanga kwenye chujio karibu na feni ya mezani. Boga halina shida, lioshe na ganda lake, ukishamenya usilipitishe tena kwenye maji.

Hatua ya 3: Kata

Boga vipande vya mraba vya sentimita 2, vyote vilingane, kikubwa kikiwa bado bichi, kile kidogo kitakuwa kimeshaungua. Koliflawa ivunje kwa kufuata vishina vyake kisha kila kishada kipasue katikati, ili kiwe na upande bapa. Ule upande bapa ndo unalala kwenye kikapu na ndo unaopata rangi, duara lote lote halishiki vizuri. Brokoli iache kubwa kuliko koliflawa kidogo kwa kuwa inaiva haraka. Shina la brokoli usitupe, limenye ile ngozi ngumu, likate vipande vyembamba, liingie pamoja na koliflawa.

Kuhusu boga lenyewe: chagua lile kavu, la unga, lenye nyama nzito ya rangi ya chungwa iliyokolea. Kuna haya mengine ya majimaji, nyama ya njano iliyopauka, ukilikata tu kisu kinalowa. Hilo lipike futari, kwenye fraya litaiva lakini halitapata rangi hata uliweke nusu saa. Lile lenye umbo la chupa kwangu ndo namba moja, nyama ni imara na haina nyuzi.

Hatua ya 4: Mafuta na viungo

Changanya kila mboga kwenye bakuli lake, kwa mikono. Mafuta yapake kila kipande, hasa vichwa vya brokoli, maana vile vitumba visipoguswa na mafuta vinakauka na kuungua kabla shina halijaiva, na unapata ule uchungu wa majivu mdomoni. Sipendi mafuta ya kupuliza ya kopo, yanaacha utando wa gundi kwenye kikapu ambao hautoki kwa sabuni, ukisugua ndo unaondoa rangi ya kikapu chenyewe.

Koliflawa: manjano nusu kijiko cha chai na bizari nyembamba ya kusaga. Boga: pilipili ya unga na mdalasini kidogo sana. Brokoli: pilipili manga tu. Kitunguu saumu usiweke mwanzoni, kibichi kilichosagwa kinaungua kwa moto huu, kiweke dakika 2 za mwisho. Chumvi weka ukiwa unakaribia kuingiza kila mboga kwenye fraya, ukiweka mapema inavuta maji nje na tumerudi kwenye hatua ya 2.

Hatua ya 5: Kuoka

Washa fraya tupu nyuzi 190, dakika 3 ipate moto. Toa ile karatasi ya kuwekea chini kama ulinunua. Inaziba matundu ya kikapu, hewa haipiti chini, na ukipasha fraya na karatasi tupu ndani feni inaweza kuinyanyua mpaka kwenye koili ikashika moto.

Kila mboga ingekuwa peke yake kwa nyuzi 190, boga lingekula dakika 18 hadi 20, koliflawa 13 hadi 15, brokoli 8 tu. Kwa hiyo ukizitia zote pamoja lazima moja iharibike. Zinaingia kwa zamu.

Dakika 0, boga peke yake, vipande vikae safu moja. Usifungue fungue.

Dakika ya 6, vuta droo. Boga sasa limeanza kushika rangi chini. Ukilitikisa kabla ya hapo linakuwa limegandia na linaacha ngozi yake kwenye kikapu. Kwa sasa bado ni gumu kwa hiyo tikisa bila wasiwasi, halafu mwagia koliflawa na yale mashina juu.

Dakika ya 11, tikisa tena kisha weka brokoli juu kabisa.

Dakika ya 15, tikisa kwa upole.

Dakika ya 19, angalia.

Sasa kutikisa kwenyewe. Wengi wanasukuma droo kushoto kulia kushoto kulia, hapo vipande vinateleza tu, vya chini vinabaki chini. Shika mpini, inamisha kikapu kidogo kuelekea mbele, kirushe juu na kukirudisha kwako kama unavyopepeta mchele, mara tatu au nne, mpaka uone sehemu zilizoshika rangi zimekuja juu. Kwa dakika ya 15 boga limelainika na ukirusha kwa nguvu linapondeka na kufanya rojo inayozifunika nyingine, kwa hiyo hapo mi naacha kurusha natumia mwiko mpana wa mbao, nachota toka chini nageuza. Fraya nyingi zinasimama zenyewe ukivuta droo na kuendelea ukirudisha, lakini angalia taimu ya yako, zingine zinaanza upya. Na fanya haraka, droo ikikaa wazi moto unashuka.

Ukiona unatikisa na vipande havigeuki kwa sababu vimejaa, umerundika. Kikapu kisizidi nusu ya kina chake hata brokoli ikishaingia. Toa za juu uoke mzunguko wa pili, kisha mwishoni rudisha zote kwa dakika 2 zipate moto pamoja.

Hatua ya 6: Kujua zimeiva

Boga: ncha ya kisu inaingia bila kusukuma na kona zimekuwa kahawia. Koliflawa: upande bapa una rangi kama ya chapati iliyoiva, ukiuma kishina kina ukinzani kidogo. Brokoli: ncha za vitumba zimekuwa nyeusi kidogo na shina bado ni kijani kinachong'aa. Ikigeuka kijani cha jeshi imepitiliza.

Kama zimelainika ila zimepauka, panda nyuzi 200 kwa dakika 2 za mwisho, usiongeze dakika kwa moto ule ule, utazikausha ndani. Kama zina rangi ila bado ngumu, shuka 170 na uongeze dakika 4.

Wifi yeye kwake jioni umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, na fraya siku hizo inachelewa dhahiri. Volti zikishuka koili haitoi moto wake wote hata kama kioo kinasoma 190. Siku kama hizo aangalie rangi na kisu, asiangalie saa, ataongeza dakika 4 au 5 hivi. Alikuwa anaogopa pia kwamba itamla LUKU, lakini wati 1500 kwa dakika 19 haifiki hata nusu yuniti.

Hatua ya 7

Mimina kwenye sahani pana, sio bakuli la kina na wala usifunike, mvuke wake wenyewe utazilegeza. Ndimu kamua mezani, kila mtu kwenye sahani yake, ukiikamulia mapema brokoli inapoteza ule ukijani.

Brokoli ya kugandishwa: usiiyeyushe, itie ikiwa barafu kwa nyuzi 200, peke yake, dakika 10 hadi 12, mafuta uweke baada ya dakika 4 barafu ikishaondoka. Inaliwa, ila ile ncha kavu hutaipata.

Zikibaki weka kwenye friji zikishapoa, na kesho yake zirudishe kwenye fraya nyuzi 180 dakika 3 au 4. Maikrowevu inazirudisha kuwa za mvuke.