Jinsi ya kuandika kipengele cha ugawaji wa nasibu unapoomba kibali cha jaribio la dawa

Anayeomba kibali cha kujaribu dawa Tanzania hupeleka itifaki kwenye kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, na TMDA nayo hutoa idhini ya jaribio lenyewe. Ndani ya itifaki hiyo lazima ueleze washiriki watakavyogawanywa.

Tuseme una washiriki 120 katika zahanati mbili, 60 kila moja. A ni dawa mpya, B ni ile ya kawaida. Ukirusha sarafu, zahanati moja inaweza kuishia na 37 kwa 23. Ndiyo maana tunagawa kwa mafungu. Fungu la watu wanne lina A mbili na B mbili, na mpangilio wake huchaguliwa kwa bahati kati ya sita: AABB, ABAB, ABBA, BBAA, BABA au BAAB. Kila fungu likijaa, makundi yamelingana.

Tatizo ni kwamba muuguzi anayejua fungu ni la wanne, na ameona A mbili zikitoka mwanzo, anajua mbili zijazo ni B. Akimhurumia mgonjwa aliyedhoofu, atamwambia arudi kesho kutwa. Idadi zitalingana, wagonjwa hawatalingana.

Kwa hiyo, kwenye itifaki andika kwamba utatumia mafungu ya ukubwa unaobadilika, uwiano 1:1, na orodha ya peke yake kwa kila zahanati. Ukubwa wenyewe usiuandike. Hata mwongozo wa kimataifa wa ICH E9 unakataza, kwa sababu itifaki husomwa na kila anayesajili wagonjwa. Uweke kwenye waraka wa siri, unaotunzwa na mwanatakwimu asiyekutana na wagonjwa.

Mwanatakwimu huyo ndiye atakayetengeneza orodha, kwa mfano kwa R:

```r
library(blockrand)
set.seed(48213)
blockrand(n = 60, num.levels = 2, block.sizes = c(2, 3))
```

Hapo 2 na 3 huzidishwa kwa idadi ya makundi, yaani mafungu ni ya wanne na ya sita. Orodha inaweza kuzidi 60 kidogo ili fungu la mwisho likamilike, usiikate. Kwa zahanati ya pili badilisha namba ya `set.seed`, la sivyo utapata orodha ileile.

Mwisho, eleza bahasha zitakazobeba kundi la kila mshiriki kwa kufuata orodha: zenye namba mfululizo, zisizopenyeza mwanga hata zikishikwa kwenye taa. Jina la mshiriki na tarehe huandikwa juu kabla ya kufungua. Msimamizi atalinganisha tarehe hizo na daftari la usajili. Bahasha namba 17 ikiwa na tarehe ya nyuma kuliko namba 16, kuna mtu aliyechagua.